Ratiba ya Jumamosi Usiku: Faharasa Ijengwe Upya Lini?

Katika ofisi nyingi zinazotumia hifadhidata ya SQL Server kuna kazi inayojiendesha yenyewe kila Jumamosi usiku, watu wakiwa wamelala. Hupita jedwali moja baada ya jingine, hupima faharasa zilivyotawanyika, na yoyote iliyovuka asilimia 30 huijenga upya kuanzia mwanzo. Zilizo kati ya 5 na 30 huzipanga tu. Asubuhi msimamizi wa mfumo hukuta logi imevimba na bakapu imechelewa. Pengine hata seva ya akiba iliyoko mji mwingine bado haijapokea mabadiliko yote. Huyavumilia hayo kwa kuwa anaamini kazi hiyo ndiyo inayoufanya mfumo uwe mwepesi Jumatatu.

Mara nyingi imani hiyo haijawahi kupimwa, na kuipima ni kazi ya mchana mmoja.

Tuanze na kitu chenyewe. SQL Server huhifadhi data katika kurasa, na kila ukurasa una ukubwa wa KB 8, si zaidi wala pungufu. Faharasa ni kurasa hizo zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa thamani fulani, kama nambari ya mwanachama au tarehe, na juu yake kuna ngazi chache za kurasa za kuelekeza njia. Tuchukue SACCO ya kubuni yenye miamala milioni 20. Jedwali lake la miamala limepangwa kwa nambari ya mwanachama, kisha tarehe. Kila muamala unachukua baiti 200 hivi, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba miamala 40. Jedwali zima, kurasa zake zikiwa zimejaa, lina kurasa 500,000, yaani karibu GB 4.

Sasa mwanachama namba 10418 anakuja dirishani kuweka akiba. Muamala wake hauwezi kuwekwa mwisho wa jedwali, kwa sababu mfuatano unadai ukae karibu na miamala yake ya zamani, katikati kabisa. Ukurasa wake una miamala 40 tayari na hauna nafasi ya wa 41. Hapo SQL Server huchukua ukurasa mpya popote panapopatikana kwenye faili, huhamishia humo takriban nusu ya miamala, kisha huingiza muamala mpya mahali pake. Ukurasa mmoja uliojaa umekuwa kurasa mbili zilizojaa nusu.

Tendo hilo moja limeacha madhara mawili, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kwanza, ukurasa mpya uko mbali na mwenzake ndani ya faili, kwa hiyo mfuatano wa thamani na mfuatano wa mahali havilingani tena. Huo ndio mtawanyiko, na ndio unaopimwa kwa ile asilimia maarufu. Pili, kurasa zimebaki na nafasi tupu, yaani ujazo wake umeshuka. Kazi ya Jumamosi huangalia dhara la kwanza. La pili, ambalo leo ndilo lenye uzito zaidi, mara nyingi haliangalii kabisa.

Sababu yake ni ya kihistoria. Enzi za diski za kuzunguka, kusoma kurasa zilizotawanyika kulimaanisha kichwa cha diski kuruka huku na huko. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji wastani wa milisekunde 4 hivi kusubiri tu data ifike chini ya kichwa, mbali na muda wa kichwa kusogea. Kurasa zikiwa zimefuatana, seva inaweza kuagiza nyingi kwa mkupuo mmoja, hadi KB 512. Zikiwa zimesambaa, inaagiza chache chache na kila agizo linasubiri zamu yake. Kwenye SSD hakuna kichwa cha kusogeza, na kusubiri huko ni sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ukurasa ukishapanda kwenye kumbukumbu ya seva, mahali ulipokuwa kwenye diski hapana maana yoyote tena.

Namba 5 na 30 zenyewe zilitoka kwenye mwongozo wa Microsoft. Paul Randal, aliyekuwa kwenye timu ya SQL Server na ndiye aliyeandika amri ya zamani ya DBCC INDEXDEFRAG, ameeleza hadharani kwamba viwango vile vilikuwa makadirio yake ya kuwapa watu pa kuanzia, na hakuna jaribio lililothibitisha kuwa vinafaa kila mahali. Hata kizingiti cha kurasa 1,000, ambacho chini yake faharasa huachwa bila kuguswa, kilipatikana hivyo hivyo. Baadaye Microsoft wenyewe waliandika upya mwongozo huo, na sasa wanasisitiza ujazo wa kurasa na kupima kazi halisi. Hata hivyo viwango vile bado vimo ndani ya hati za matengenezo zinazotumika duniani kote. Hati maarufu ya Ola Hallengren, ambayo ni kazi nzuri sana, huja na 5, 30 na 1,000 kama chaguo la kuanzia, na wengi huiweka wasiiguse tena.

Sasa tuzitazame zile amri mbili. Kupanga upya, yaani REORGANIZE, huingia kwenye faharasa iliyopo na kuhamisha miamala kidogo kidogo: hubana kurasa zilizo tupu tupu na kubadilishana nafasi za kurasa ili mfuatano urudi. Watumiaji wanaendelea na kazi wakati wote. Ukiikatiza njiani, sehemu iliyokwisha kupangwa inabaki imepangwa. Kujenga upya, yaani REBUILD, hutengeneza faharasa mpya kando na kuitupa ya zamani, kwa hiyo huhitaji nafasi ya zote mbili kwa wakati mmoja. Bila chaguo la ONLINE, jedwali hufungwa hadi kazi iishe. Chaguo hilo limo kwenye toleo la Enterprise, na hadi SQL Server ya 2022 toleo la Standard, ambalo ndilo wengi wanalinunua kwa sababu ya bei, halinalo. Ukikatiza ujenzi katikati, kila kitu kinarudishwa nyuma, isipokuwa kama uliuanzisha kwa RESUMABLE, uwezo ulioingia mwaka 2017.

Kuna tofauti moja zaidi isiyosemwa sana, na ndiyo inayoelezea sehemu kubwa ya imani ya Jumatatu nyepesi. REBUILD husasisha takwimu za faharasa, tena kwa kusoma data yote. REORGANIZE haizigusi.

Takwimu ni muhtasari ambao SQL Server huutumia kukisia hoja itarudisha rekodi ngapi, na kwa kisio hilo huchagua njia ya kuitekeleza. Turudi kwenye SACCO yetu. Tuseme kuna faharasa nyingine iliyopangwa kwa tarehe, na kila siku ya kazi miamala 20,000 inaingia. Takwimu za tarehe zilisasishwa mwanzo wa mwezi, kwa hiyo siku zilizofuata hazimo ndani yake. Mhasibu anaomba ripoti ya wiki hii, seva inakisia itakuta rekodi chache mno, inachagua njia inayofaa rekodi chache, kisha inakutana na laki moja. Ripoti ya sekunde tatu inakuwa ya dakika nne. SQL Server husasisha takwimu yenyewe, lakini si kila wakati. Kanuni ya zamani ilisubiri asilimia 20 ya jedwali ibadilike, ambayo kwa rekodi milioni 20 ni mabadiliko milioni 4, yaani siku 200 za SACCO hii. Kanuni mpya, inayotumika hifadhidata ikiwa kwenye kiwango cha upatanifu cha 130 au zaidi, husubiri mabadiliko 141,000 hivi, yaani siku saba.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi inapojenga faharasa ya tarehe, takwimu zinasasishwa, njia mpya inachaguliwa, na Jumatatu ripoti inaruka. Sifa zinapewa kurasa zilizonyooshwa, na kilichofanya kazi ni muhtasari ambao ungepatikana kwa amri moja isiyofunga jedwali wala kuvimbisha logi. Kulitambua hilo si kazi ngumu. Siku ripoti inapolalamikiwa, usijenge chochote. Iendeshe huku ukihesabu kurasa inazosoma, sasisha takwimu peke yake, kisha iendeshe tena:

```sql
SET STATISTICS IO, TIME ON;
-- endesha ripoti hapa
UPDATE STATISTICS dbo.Miamala WITH FULLSCAN;
-- endesha ripoti ileile tena
```

Kinachotakiwa kuangaliwa ni mstari wa `logical reads`, yaani idadi ya kurasa zilizosomwa, na muda. Vikishuka vyote hapo hapo, tatizo lilikuwa takwimu. Visiposhuka, ndipo ujenge faharasa na uendeshe ripoti mara ya tatu. Sijui njia nyingine ya uaminifu ya kugawa sifa kati ya dawa hizi mbili, na inasikitisha kuona jinsi inavyofanywa mara chache.

Hapa pia pana kosa linalojirudia kwenye ratiba nyingi. Kazi ya kwanza inajenga faharasa, na takwimu zinatoka zikiwa kamili. Saa moja baadaye kazi ya pili inasasisha takwimu zote kwa kuchukua sampuli, na hivyo kuzifuta zile kamili na kuweka makadirio. Mkiwa na zote mbili, hakikisheni ya pili inaruka faharasa zilizojengwa usiku huo.

Turudi kwenye ujazo wa kurasa, maana huko ndiko hasara ya kweli ilipo. Baada ya muda, tuseme kurasa za jedwali letu zimefikia wastani wa ujazo wa asilimia 60. Miamala ni ile ile milioni 20, lakini sasa imekaa kwenye kurasa 830,000 badala ya 500,000, yaani GB 6 na ushei badala ya 4. Ukurasa unapopanda kwenye kumbukumbu hupanda mzima, pamoja na utupu wake. Seva yenye kumbukumbu ya GB 16 itakuwa imetenga zaidi ya GB 2 kwa ajili ya utupu, na jedwali jingine litasukumwa nje kwa sababu hiyo. Ripoti inayosoma jedwali zima itasoma kurasa 330,000 za ziada, na hapo SSD haikuokoi, kwa kuwa hilo ni suala la wingi.

Lakini angalia hoja ya dirishani, ile ya kuonyesha taarifa ya mwanachama mmoja. Faharasa ya ukubwa huu ina ngazi nne hivi. Kumpata mwanachama ni kusoma kurasa nne, jedwali liwe limejaa au limetawanyika kwa asilimia 99, na baada ya hapo ni kurasa chache za miamala yake. Mfumo ambao karibu kazi yake yote ni ya namna hii, kama dirisha la malipo au usajili wa wagonjwa, hauna cha kupata kutokana na ujenzi wa Jumamosi.

Kipimo cha ujazo kinapatikana mahali pale pale panapopatikana mtawanyiko, ila kwa sharti moja. Ukiacha hali ya kawaida, ambayo ni `LIMITED`, safu ya ujazo inarudi ikiwa `NULL`. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kutoiona kamwe. Lazima uombe `SAMPLED`, na uiendeshe saa ambazo seva imetulia:

```sql
SELECT index_id, page_count,
       avg_fragmentation_in_percent,
       avg_page_space_used_in_percent
FROM sys.dm_db_index_physical_stats
     (DB_ID(), OBJECT_ID('dbo.Miamala'),
      NULL, NULL, 'SAMPLED');
```

Tuseme tumepima, ujazo ni asilimia 60, ripoti za mwezi zinasoma jedwali zima, na kumbukumbu imebana. Hapo kujenga kuna faida. Swali linalobaki ni namna ya kujenga, maana ukijenga vibaya unaununua ugonjwa ule ule.

Ukiijenga faharasa ya nambari ya mwanachama kwa kuijaza kurasa mpaka pomoni, kila ukurasa unabaki na miamala 40 na hauna nafasi. Jumatatu wanachama 20,000 wanaweka akiba, kila mmoja kwenye ukurasa wake, na karibu kila muamala unapasua ukurasa. Kila mpasuko unaandikwa kwenye logi pamoja na miamala iliyohamishwa, kwa hiyo kazi ndogo ya kuweka rekodi moja inakuwa kubwa mara kadhaa. Kila mpasuko huvunja mfuatano mara mbili: unapoingia ukurasa mpya na unapotoka. Mipasuko 20,000 kati ya kurasa 520,000 ni mtawanyiko wa karibu asilimia 8 kufikia jioni. Jedwali lililojengwa Jumamosi limevuka kizingiti cha 5 ndani ya siku moja ya kazi! Jumamosi inayofuata linaingia tena kwenye orodha, nalo limesababishwa na matengenezo yenyewe.

Dawa yake ni kuacha nafasi kwa makusudi. Chaguo la FILLFACTOR likiwekwa 90, kila ukurasa unabaki na miamala 36 na nafasi za wanne. Jedwali linakuwa kurasa 555,000, yaani nusu GB hivi zaidi. Kwa miamala 20,000 kwa siku, siku 30 za kazi huleta 600,000, wastani wa muamala mmoja na kidogo kwa kila ukurasa. Ikiwa wanachama wanaweka akiba kwa usawa, kurasa zitakazopata zaidi ya wanne ni chache sana, na mwezi mzima unapita karibu bila mipasuko. Wakiwepo wafanyabiashara wachache wanaoweka kila siku, kurasa zao zitapasuka mapema, na hilo si neno.

Hapa REORGANIZE, ambayo wengi huiona kama chaguo la upole, ina udhaifu wa kujua. Inaweza kubana kurasa zilizo chini ya kiwango cha 90 hadi zifikie hapo. Haiwezi kulegeza kurasa zilizopita kiwango hicho, kwa kuwa haiongezi kurasa mpya za kupunguzia. Baada ya miezi miwili kurasa nyingi za SACCO zitakuwa na miamala 38 au 39. Hizo zitaachwa zilivyo, huku zile zilizopasuka na kupata nafasi zikibanwa tena. Kipimo cha mtawanyiko kitaonyesha karibu sifuri, msimamizi ataridhika, na kesho yake mipasuko itaanza kwa wingi. Faharasa za vitambulisho vya nasibu, vile vinavyotolewa na `NEWID()`, ndizo zinazoumia zaidi kwa hili, kwa sababu kila rekodi mpya huangukia popote. Kwa faharasa za aina hiyo ama jenga upya kwa FILLFACTOR iliyofikiriwa, ama usiguse kabisa. Ukiziacha, ujazo wake hutulia wenyewe karibu na asilimia 69, na kwa jedwali lisilosomwa lote mara kwa mara hali hiyo inaishika.

Upande wa pili kuna faharasa ambazo hazitawanyiki kwa kuingizwa rekodi: zilizopangwa kwa namba inayopanda, kama namba ya risiti. Rekodi mpya huenda mwisho, na kurasa za nyuma hubaki zimejaa. Ukikuta faharasa ya namna hiyo imetawanyika sana, tafuta nani anapunguza ukubwa wa hifadhidata. Amri ya DBCC SHRINKFILE huchukua kurasa za mwisho wa faili na kuzipeleka kwenye nafasi za mwanzo bila kujali mfuatano, na faharasa safi inaweza kutoka humo ikiwa imetawanyika karibu yote. Nimeona ratiba zinazojenga faharasa saa sita usiku na kupunguza faili saa tisa. Ile ya pili inaharibu kazi ya kwanza kila wiki.

Gharama nayo iwekwe mezani. Katika hali ya FULL, ambayo SACCO inaihitaji ili iweze kurudisha data hadi dakika ya tatizo, kujenga jedwali letu kunaandika karibu GB 4 kwenye logi. Logi hiyo inaingia kwenye bakapu. Kama kuna seva ya akiba mji mwingine kupitia mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, GB 4 bila kubanwa huchukua karibu saa nzima kufika, na muda huo wote seva ya akiba iko nyuma. Hiyo ni faharasa moja. Kazi ya Jumamosi inayojenga makumi ya faharasa inaweza kuiacha seva ya akiba nyuma hadi Jumapili jioni, na seva kuu ikifa katikati ya hapo, miamala iliyokuwa nyuma ya foleni haitakuwepo upande wa pili.

Kwa SACCO hii, basi, kazi ya kila usiku ingekuwa kusasisha takwimu za majedwali yanayobadilika sana. Ujazo ungepimwa mara moja kwa mwezi. Faharasa ya nambari ya mwanachama ingejengwa pale tu ujazo unaposhuka kiasi cha kuonekana kwenye `logical reads` za ripoti, labda mara mbili au tatu kwa mwaka, na kwa FILLFACTOR 90:

```sql
ALTER INDEX PK_Miamala ON dbo.Miamala
REBUILD WITH (FILLFACTOR = 90);
```

Kuna tukio moja ambalo halihitaji kusubiri kipimo cha mwezi, nalo ni ufutaji mkubwa. Tuseme mwisho wa mwaka SACCO inahamisha miamala milioni 8 ya zamani kwenda kwenye kumbukumbu za nje na kuifuta kwenye jedwali. Kwa kuwa jedwali limepangwa kwa mwanachama, miamala ya zamani haiko mahali pamoja. Imo kila ukurasa, kwa hiyo kila ukurasa unatobolewa, na kurasa ambazo hazikubaki tupu kabisa haziachiliwi. Jedwali lililopunguzwa kwa asilimia 40 linabaki na ukubwa wake ule ule kwenye diski na kwenye kumbukumbu. Ripoti iliyosoma kurasa 555,000 kabla ya ufutaji itasoma karibu idadi hiyo hiyo baada yake. Jenga mara moja, wikendi ile ile, na isome tena: kurasa zitakuwa 333,000 hivi.